Tangazo la kwanza lilileta meseji 71 na hakuajiriwa hata mmoja: kisa cha kuajiri msaidizi wa kwanza wa duka

Dada mmoja ninayemfahamu ana duka la vifaa vya nyumbani, kufuli, balbu, betri, ndoo, nyaya, vitu kama hivyo. Alikuwa analiendesha peke yake kwa miaka mitatu na ilifika mahali mwili ukagoma, akaamua achukue mtu. Mi nimekaa kaunta za watu miaka mingi na baadae nikawa nafundisha wanaoanza, kwahiyo akanitumia tangazo lake akiwa ameshalibandika tayari, akasema nisaidie kuchagua maana simu haipumziki.

Tangazo lenyewe lilikuwa hivi: "Anatafutwa msichana mchangamfu, mwaminifu, asiyezidi miaka 25, mwenye uzoefu wa miaka miwili, wa kuuza duka. Mshahara maelewano. Piga namba hii."

Ndani ya siku mbili alikuwa na meseji 71, tukakaa tukazihesabu. Zaidi ya 50 zilikuwa zinauliza kitu kilekile, nafasi bado ipo, mshahara kiasi gani, duka lipo wapi, kazi ni saa ngapi mpaka saa ngapi. Kumi na kitu walituma picha zao tu bila neno lolote. Yeye alikuwa analalamika watu hawasomi, mi nikamwambia dada yangu, watu wamesoma vizuri sana ila hukuwaandikia kitu cha kusoma. Hakuna siku, hakuna masaa, hakuna hela, hakuna kazi yenyewe ni nini. Kuna sifa tu. Na hizo sifa kila mtu anajiona anazo, nani ataona neno mwaminifu akajiambia aa hii sio ya kwangu?

Nikamwomba alitoe lile tangazo na asimjibu mtu kwa wiki moja. Alikasirika kidogo maana alikuwa amechoka kweli, lakini akakubali.

Ile wiki tuliitumia kwa kitu kimoja tu, daftari kwenye kaunta. Kila saa likipita anaandika mstari mmoja: wateja wangapi wameingia, amefanya nini kingine, kuna kitu gani kimemshinda. Hakuna zaidi ya hapo. Nilitaka aache kufikiria mtu wa namna gani anamtaka na aanze kuangalia kazi gani ipo, maana hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na wengi tunaanza na lile la kwanza.

Daftari likasema mambo ambayo hata yeye hakuyategemea. Alikuwa anaamini anahitaji mtu wa kutwa nzima siku sita. Kumbe asubuhi mpaka saa sita wateja walikuwa wanne watano kwa saa, anawamudu vizuri na bado anapanga mzigo. Kuanzia saa kumi jioni mpaka saa moja ndo wanaingia zaidi ya 20 kwa saa na hapo ndo kulikuwa na mistari ya "wawili wameondoka hawakusubiri", "nimesahau kuandika mauzo". Halafu Jumanne na Ijumaa kuanzia saa nne mpaka saa saba mchana mistari ilikuwa mitupu, kwasababu ndo siku za kufuata mzigo na duka anafunga.

Kwahiyo kazi ikajichora yenyewe. Siku nne anahitaji mtu wa mchana na jioni, kaunta iwe na watu wawili wakati wa msongamano. Siku mbili anahitaji mtu kuanzia asubuhi, na hapa ndo penye uzito, huyo mtu atakuwa PEKE YAKE dukani masaa matatu, na droo, na wateja, bosi yupo njiani na simu inaweza isishike.

Hilo la kuwa peke yake ndo linamtofautisha mfanyakazi wa kwanza na wa pili au wa tano. Duka lenye wauzaji wanne, mgeni akikosea kuna mtu pembeni atamrekebisha, na chenji ikipelea kuna macho mengine yameona. Wa kwanza hana mtu. Bidhaa anaweza kufundishwa, kufuli ipi ya mlango upi, balbu ipi ya taa ipi, ndani ya wiki tatu nne anajua. Lakini kushika hela bila kuchanganyikiwa, kuandika kila kinachotoka, na kusema "nimekosea" kabla hajaulizwa, hivyo inabidi aje navyo kwa kiasi kikubwa. Nikamwambia tutafute vitatu hivyo pamoja na mtu anayeyaweza masaa, mengine yote tuyafute kwenye tangazo.

Akashtuka, na uchangamfu? Tukabishana kidogo. Nikamuuliza mchangamfu maana yake afanye nini hasa pale kaunta, akafikiria, akasema amsalimie mteja kabla mteja hajauliza, na akiwa anahudumia mmoja amwambie wa pili "nakuona, nakuja". Basi hicho kinaandikika na kinaonekana kwa macho, tukakichukua. Neno mchangamfu tukaliacha, maana kila mtu analisoma anavyotaka, na mara nyingi linaishia kumpa kazi anayependeza kuongea naye kwenye usaili.

Kuhusu "msichana asiyezidi 25", hapo sikumbembeleza. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unataja kabisa jinsia kati ya mambo ambayo hayatakiwi kumzuia mtu kupata kazi, na nchi nyingi sana zimeuridhia na kuuingiza kwenye sheria zao, na kwingi umri nao umeongezwa. Kwahiyo tangazo la namna ile linaweza kukuletea shida ya kisheria. Lakini hata ukiweka sheria pembeni, nilimuuliza kuna mstari gani kwenye daftari lako unaohitaji msichana? Akatafuta. Hakuna. Kuna kubeba ndoo kutoka stoo, kuhesabu, kuandika, kupanda ngazi fupi. Alichokuwa anakitafuta kwenye umri ni mtu asiyeona aibu kuelekezwa, na hilo unaliuliza moja kwa moja.

Uzoefu wa miaka miwili nao tukautoa, na huu nautetea popote. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walijumlisha tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na miaka ya uzoefu ilitoka kuwa kipimo dhaifu cha nani atafanya kazi vizuri, wakati usaili ambao kila mtu anaulizwa maswali yaleyale ulikuwa na nguvu zaidi ya ule wa kupiga stori. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake wakazipitia upya hizo hesabu, namba nyingi zikashuka, lakini usaili wa maswali yaliyopangwa ndo ukatoka juu. Na kwa akili ya kawaida tu, mtu anaweza kuwa amekaa duka la watu miaka miwili akijifunza kutoandika mauzo.

Tangazo la pili tuliliandika jioni moja, likawa hivi:

"Msaidizi wa duka la vifaa vya nyumbani, nafasi moja.

Kazi: kuhudumia wateja kaunta, kupokea hela na kurudisha chenji, kuandika kila kilichouzwa kwenye daftari, kupanga bidhaa, kubeba mizigo midogo kutoka stoo. Jumanne na Ijumaa utakuwa peke yako dukani kwa masaa matatu hivi.

Masaa: Jumatatu, Jumatano, Alhamisi na Jumamosi saa 7 mchana mpaka saa 1 na nusu usiku. Jumanne na Ijumaa saa 3 asubuhi mpaka saa 12 jioni, na saa moja ya mapumziko. Jumapili hakuna kazi.

Mshahara: (hapa kiliandikwa kiasi kamili cha mwezi na siku ya kulipwa). Mwezi wa kwanza ni wa majaribio na unalipwa mshahara huohuo.

Unachohitaji: kujumlisha na kutoa kwa usahihi, kikokotoo kipo. Kusoma na kuandika. Kuweza masaa ya juu. Uzoefu wa duka sio lazima, bidhaa utafundishwa.

Tuma meseji moja yenye jina lako, kazi yoyote uliyowahi kufanya ya kuhudumia watu au kushika hela ya wengine hata kama haikuwa ya kulipwa, na kama kuna siku au saa ambayo huwezi. Mwisho Ijumaa saa 12 jioni. Usitume picha. Hatudai hela yoyote ya maombi."

Ngoja nieleze baadhi ya mistari hapo maana kila mmoja una sababu yake. Ule wa kuwa peke yako uliandikwa makusudi ili anayeogopa ajitoe mwenyewe mapema, ni afadhali umpoteze kwenye tangazo kuliko wiki ya pili. Mshahara kuandikwa, dada alikuwa anaona kama kujifunga, anataka "maelewano" ili akipata wa bei nafuu aokoe. Lakini maelewano yanamletea watu ambao wakisikia kiasi wanaondoka baada ya yeye kupoteza nusu saa na kila mmoja, na anayekubali kiasi kidogo kwa shida anaendelea kutafuta kazi akiwa hapohapo kaunta kwako. Masaa tuliyapiga hesabu, siku nne za masaa sita na nusu ni 26, siku mbili za masaa nane ukitoa mapumziko ni 16, jumla 42 kwa wiki. Mkataba namba 30 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1930, ule wa masaa ya kazi za biashara na ofisi, unaweka 48 kwa wiki, ila wewe angalia sheria ya kwenu inasemaje maana nyingine ziko chini ya hapo.

Na ule wa kutodai hela upo kwasababu matapeli wa ajira wanaishi kwa "ada ya fomu", mtu makini akiona mstari huo anapumua. Ukishafika kwenye kuajiri pia usichukue kitambulisho halisi cha mtu ukakifungia kama dhamana. Chukua nakala, halisi mrudishie palepale.

Zikaja meseji 19 tu. Dada akaanza kuwa na wasiwasi, 71 zimekuwa 19! Lakini kati ya hizo, 11 zilikuwa na mambo yote matatu yaliyoombwa. Wale wanane wengine walituma "nimeipenda kazi" au wakapiga simu tu. Hatukuwadharau, ila kazi hii ina daftari, na asiyesoma mistari kumi ya tangazo la kazi anayoitaka itakuwa ngumu asome orodha ya mzigo. Angalizo hapa, maelekezo ya namna hii yawe ya kitu ambacho kazi yenyewe inakihitaji, usije ukaanza kuweka mitego ya ajabu eti "anza meseji yako kwa neno la siri", unamkata mtu mzuri kwa mchezo.

Kwa wale 11 dada alipiga simu ya dakika tano kila mmoja, maswali matatu yaleyale: masaa yanakufaa, utafikaje na kurudi, na ungeanza lini. Wawili wakasema wao walidhani Jumamosi ni nusu siku, wengine wakawa na masomo ya jioni, wengine mshahara haukutosha. Wakabaki wanne. Nne kwa kazi moja inatosha kabisa, ukizidisha unaanza kuwachanganya kichwani.

Sasa maswali. Dada alikuwa ameshaandika yake kwenye karatasi: Jitambulishe. Kwanini tukuchague wewe? Wewe ni mwaminifu? Umeolewa? Una mpango wa kuzaa karibuni? Unajiona wapi baada ya miaka mitano?

La ndoa na kuzaa tukalifuta kwanza. Alichotaka kujua ni kama mtu atakuwepo kazini, basi muulize hivyo, na muulize kila mtu mwanaume kwa mwanamke: ukiangalia masaa haya, kuna siku yoyote ndani ya miezi mitatu ijayo unajua hutaweza? La uaminifu halijibiki, sijawahi kuona mtu akasema hapana. La miaka mitano kwa kazi ya kaunta linamfanya mtu atunge.

Tukaacha manne ya kuuliza na moja la kufanya. Maswali ya kuuliza mengi tuliyageuza yawe ya kitu kilichotokea, maana jambo lililotokea lina siku, lina watu, lina mwisho, na anayetunga ukimuuliza "halafu ikawaje" mara mbili anaanza kuteleza.

La kwanza: nieleze mara ya mwisho ulipokosea kwenye hela au kitu cha mtu ulichokabidhiwa, ilikuwaje na nani alijua wa kwanza? Hapo unasikiliza kama alisema mwenyewe au aligunduliwa. Anayesema hajawahi kukosea hata siku moja mpe nafasi ya pili, mwambie hata kidogo tu, hata nyumbani, wengine wanaogopa ni mtego. Akishikilia bado, unaandika alama ya chini bila kumchukia.

La pili: nieleze siku uliyoelekezwa kitu na mtu ukaona ameelekeza vibaya au hukuelewa, ulifanyaje? La tatu: uko peke yako Ijumaa, mtu mnayefahamiana vizuri anataka kuchukua bidhaa kwa mali kauli, anasema bosi wako ananijua, simu ya bosi haishiki. Na la nne: mteja amekuja na hasira, kitu alichonunua jana hakifanyi kazi, utafanya nini?

Kila swali tukaandika pembeni, KABLA ya usaili, jibu la sifuri linafananaje, la 1, la 2 na la 3. Hii ndo kazi iliyochosha kuliko zote na ndo ambayo watu wanairuka. Kwa mfano lile la mali kauli, sifuri ni anampa. Moja ni anamkatalia kwa ukali au anasema "sijui". Mbili ni anakataa kwa heshima. Tatu ni anakataa kwa heshima, anamwekea kitu pembeni kwa jina lake mpaka bosi arudi, na anaandika. Usipoandika hivyo kabla, utajikuta unampa tatu uliyempenda na moja uliyechoka ulipofika kwake.

Halafu jaribio la kaunta, dakika 15, duka limefungwa, mteja nilikuwa mimi. Kwa jaribio hili tulibandika bei za kubuni kwenye vitu vitatu, kufuli 185, betri 26 kila moja, balbu 67. Nachukua kufuli moja, betri mbili na balbu moja. Jumla 304. Natoa noti ya 500, noti ya karatasi tuliyoandika wenyewe. Chenji ni 196. Anapoanza kuhesabu namwambia "ngoja nina 4 ndogo hapa", nampa, chenji inakuwa 200. Yuko katikati ya hilo namuuliza ile ndoo ya juu shilingi ngapi, anageuka kuangalia, akirudi namwambia "mbona chenji haijatimia, nimekupa 1,000".

Hii sikuitunga, ndo namna ileile ambayo wajanja wanatumia dukani siku zote, wanakuongezea hela ndogo, wanakuuliza kitu, wanakuvunja hesabu katikati halafu wanadai noti kubwa. Na dawa yake inaonekana kwenye mikono: noti ya mteja haiingii kwenye droo mpaka chenji ipokelewe. Inakaa juu, unaiona wewe na anaiona yeye.

Wa kwanza alikuwa kijana aliyeuza duka miaka mitatu. Hesabu aliipiga kichwani, 304 hiyo, kabla sijamaliza kuweka vitu. Noti akaitupia kwenye droo palepale. Nilipomwambia nimekupa 1,000 akanitazama, akatazama droo yenye noti nyingine humo, akasema "basi sawa bosi" akanihesabia 500 zaidi. Dada alikuwa amekaa pembeni na karatasi yake, akaacha kuandika.

Wa pili, mama wa makamo, hajawahi kuuza duka, alikuwa mweka hazina wa kikundi chao. Polepole, na kikokotoo, akaandika kila kitu kwenye daftari kabla ya kujumlisha. Noti akaiweka chini ya kikokotoo. Niliposema 1,000 akainua kikokotoo, akanionyesha, "hii hapa uliyonipa, ni 500, na 4 zako hizi." Hakupandisha sauti. Nilipomuuliza baadae nani alimfundisha akasema hakuna, ila pesa ya watu huwa haichanganyi na nyingine mpaka wakubaliane ni kiasi gani.

Wa tatu, msichana mdogo, alikwama kwenye zile 4. Akahesabu mara mbili ikagoma, akasema "samahani naomba nianze upya", akachukua kalamu, akaanza mwanzo, akapata 200. Noti alikuwa ameishika mkononi muda wote kwasababu ya woga nadhani, lakini ilikuwa nje. Wa nne hakutokea, akatuma meseji jioni kwamba amepata kwingine.

Kwenye karatasi sasa. Kila mmoja wetu alijaza alama zake mtu akishatoka tu mlangoni, kabla hatujaongea. Swali la nne, la mteja mwenye hasira, wote watatu walipata 3. Wote! "Nitatulia, nimsikilize, nimwombe radhi." Kila mtu anajua jibu hilo, kwahiyo swali halikutusaidia chochote, na sikuliuliza tena tangu siku hiyo, siku hizi jambo la hasira naliingiza kwenye jaribio. Lile la makosa ndo liliwatenganisha sana. Kijana wa kwanza alisema hajawahi kupelea hela. Mama alieleza mara alipokuta hesabu ya kikundi imezidi, ndiyo, imezidi, na akawaita wenzake watatu wahesabu upya naye kwasababu hela iliyozidi ina mwenyewe. Msichana alisema alivunja kitu cha jirani akakaa nacho siku mbili ndo akasema.

Kabla ya kuamua, dada alipiga simu kwa mwenyekiti wa kile kikundi, kwa ruhusa ya mama mwenyewe. Maswali mawili tu: alishika hela yenu kuanzia lini mpaka lini, na je mngemkabidhi tena leo? Jibu la swali la pili lisikilize kwa kasi yake, sio maneno tu. Lilitoka haraka. Akaajiriwa mama. Kijana na msichana walipigiwa simu siku ileile, msichana akaambiwa wazi kwamba akija kuhitajika wa pili atatafutwa wa kwanza.

Lakini hapa ndo tangazo letu lilipoonyesha shimo lake, na ni kosa letu, mimi na dada. Wiki ya pili mama alianza kuwa na haraka usiku, siku moja akaacha droo haijahesabiwa, dada akanipigia akiwa na sauti ya "nilikwambia". Nikauliza aliondoka saa ngapi. Saa moja na nusu, kama tangazo. Kumbe saa moja na nusu ndo saa ya kufunga MLANGO, halafu kuna kuhesabu droo, kulinganisha na daftari, kuingiza vya nje, dakika 25 hivi. Kwenye lile daftari la wiki nzima dada hakuandika chochote baada ya kufunga kwasababu kwake hiyo haikuwa kazi, ilikuwa ni mwisho wa siku. Dakika 25 mara siku nne ni saa moja na dakika 40 kila wiki ambazo mtu hakuambiwa na halipwi, na usafiri wake wa mwisho ulikuwa unaondoka saa mbili kasorobo. Tena kwenye simu alishatujibu vizuri kabisa atakavyorudi, sisi ndo tulimpa saa isiyo sahihi.

Wakakaa wakarekebisha. Hesabu kubwa ya droo inafanyika saa kumi alasiri kabla ya msongamano, wawili wakiwepo, inaandikwa na inasainiwa na wote. Usiku inahesabiwa iliyoingia baada ya hapo tu, na mama anaanza kuingiza vya nje saa moja na robo. Dakika saba nane wanamaliza, na hizo zinaandikwa kwenye masaa yake. Na kwenye nakala ya tangazo aliyoitunza kwa ajili ya mtu wa pili, dada amefuta "mpaka saa 1 na nusu" akaandika kwa kalamu, "kuondoka saa 1 na dakika 40".